Jaketi Liko Neno la 94: Tulivyoliandika Upya Tangazo la Usalama la Boti

Kabla ya maelezo yetu, tunaomba msome tangazo lifuatalo, tena kwa sauti kama mko mahali panaporuhusu.

"Asalaam aleikum mabibi na mabwana. Kwa niaba ya uongozi wa kampuni, nahodha pamoja na wafanyakazi wote, tunayo furaha kubwa kuwakaribisha ndani ya boti yetu ya kisasa iendayo kasi, tukisafiri kutoka Dar es Salaam kuelekea Unguja, safari ambayo itachukua takriban saa mbili. Tunapenda kuwajulisha kuwa vinywaji na vitafunio vinapatikana katika duka letu. Uvutaji wa sigara hauruhusiwi. Abiria mnaombwa kutunza mizigo yenu kwani kampuni haitahusika na upotevu wowote. Kwa mujibu wa kanuni za usalama wa vyombo vya majini, chombo hiki kimefungwa vifaa vya uokozi vya kutosha kwa ajili ya abiria wote, ikiwa ni pamoja na majaketi ya kuokolea maisha ambayo yanapatikana chini ya viti na katika makabati maalumu yaliyowekwa alama. Endapo kutatokea dharura yoyote, abiria mnaombwa kuwa watulivu na kufuata maelekezo yatakayotolewa na wafanyakazi wetu kuhusu matumizi ya vifaa hivyo na njia za kutokea. Tunawatakia safari njema."

Tangazo hili si la kampuni yoyote. Tumeliunganisha sisi watatu kutokana na kumbukumbu za safari zetu za likizo, kila mmoja akichangia kipande alichokikumbuka, na tulipolimaliza tukacheka kwa sababu kila mwanachama tuliyemsomea alidai analijua na kwamba alishawahi kulisikia. Lina adabu na Kiswahili chake ni sanifu. Mwalimu wa sarufi hatapata pa kuweka wino mwekundu.

Sasa hesabuni. Tangazo lote lina maneno 135. Neno "majaketi" ni la 94. Msomaji anayekwenda mwendo wa maneno mawili kwa sekunde, ambao ni mwendo wa kawaida wa mtu anayesoma kwenye kipaza sauti, atalifikia baada ya sekunde 46 hivi. Hadi hapo abiria ameshasikia habari za duka, sigara na mizigo, na ameshaambiwa kwamba kampuni haitahusika. Akili yake imeshaamua kuwa haya ni maneno ya ukarimu na ya sheria, si maneno ya kumwambia afanye jambo, na mkono umesharudi kwenye simu kupiga picha ya bandari inayobaki nyuma.

Kasoro ya msingi ni kwamba tangazo limeandikwa kwa jicho ilhali linapokewa na sikio. Jicho likikutana na sentensi ndefu hurudi nyuma, huruka, hutafuta neno kubwa. Sikio halina uwezo huo. Linapokea maneno kwa mfuatano yanavyokuja, na yakishapita yamepita. Kwa hiyo katika maandishi ya kusikilizwa mpangilio una uzito kuliko uzuri wa sentensi. Jambo likiwekwa mwisho, ni sawa na kuwaandikia wale wachache ambao bado wanasikiliza.

Wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kukumbushwa sana kwa nini mkondo huu wa bahari si wa kufanyiwa mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Haukupita hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, msimu wa kusi, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikapinduka karibu na Chumbe. Hatusemi kwamba tangazo zuri lingeziokoa meli hizo. Chombo kilichojazwa kupita kiasi hakisawazishwi kwa maneno, na jaketi ambalo halimo chini ya kiti halipatikani kwa kutajwa. Tunachoshughulikia hapa ni kidogo zaidi: pale ambapo vifaa vipo, na mlango upo, na abiria ana dakika chache tu, je, anajua mkono wake uende wapi?

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kwa jina la SOLAS, unataka abiria wapewe maelezo ya usalama mara tu kabla ya chombo kuondoka au mara tu baada ya kuondoka, kwa lugha moja au zaidi ambazo abiria wanaelekea kuzielewa. Mkataba huo umeandikwa kwa ajili ya safari za kimataifa, na safari ya Dar es Salaam na Unguja ni ya ndani ya nchi moja yenye mamlaka zake za majini, lakini kwa mwandishi wa tangazo neno la maana humo ni "kuzielewa". Kutangaza kwa Kiswahili ni jambo moja na kueleweka ni jingine.

Tulianza na salamu, na hapo hapo tukagombana. Mmoja wetu, ambaye anasomea uhandisi na hapendi maneno mengi, alitaka tangazo lianze moja kwa moja na jaketi. Wawili tukakataa. Mtu hawezi kuingia na kuanza kuwaamrisha watu wa pwani, wakiwamo wazee na mashekhe, bila kuwasalimu. Wataacha kusikiliza yanayosemwa na kuanza kujadili adabu ya aliyesema. Tena salamu ina kazi yake. Ukisema "Asalaam aleikum", nusu ya boti inaitikia, na mtu anayeitikia amenyamazisha mazungumzo yake na amegeuza sikio. Ni kengele ya bure. Tatizo la tangazo la zamani ni yale yaliyofuata salamu: uongozi, furaha kubwa, boti ya kisasa. Tukakubaliana salamu ibaki, maneno mawili tu, na baada yake "tafadhali" moja itakayotosha kwa tangazo zima.

Kisha tukatafuta neno moja ambalo abiria lazima abaki nalo hata akisahau mengine yote. Tulidhani ni kengele ya hatari. Babu wa mmoja wetu, aliyefanya ubaharia miaka mingi kabla ya kuja kuishi na wanawe huku Uingereza, alitusikiliza kwenye simu kisha akasema: "Wajukuu zangu, kengele ikilia ataisikia tu, hata kama hajui ni kengele ya nini. Jaketi halilii. Jaketi lazima ajue lilipo." Basi jaketi likawa la kwanza.

Lakini tuliite nini? Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Vitabu husema "jaketi la kuokolea maisha". Watu wengi kwenye boti husema "laifu jaketi", na wazee wetu husema "boya". Boya ni neno fupi, zuri, la Kiswahili chenyewe, ila lina mashaka mawili. Bandarini boya ni lile linaloelea kuonyesha njia ya meli, na kuna maboya ya duara yanayotundikwa kwenye sitaha, kwa hiyo abiria akiambiwa "boya" anaweza kuinua macho badala ya kuinama. Shaka la pili ni kwamba vijana wa Dar es Salaam humwita mtu mjinga boya, na safu nzima ya vijana ingeangua kicheko pale pale tunapotaka kimya. "Laifu jaketi" linaeleweka, ila si kwa kila bibi wa Pemba. Tukachagua "jaketi la kuokolea", tukaliacha neno "maisha" kwa kuwa hakuna anayedhani linaokoa kitu kingine. Baada ya kutajwa mara moja linabaki kuwa "jaketi" tu, na hapo sarufi yetu inasaidia sana: liko, liguse, livae. Kiambishi "li" kinabeba jaketi zima ndani ya silabi moja.

Jambo la pili lililotushughulisha ni mzungumziwa. Tangazo la zamani linawaambia "abiria" wote kwa pamoja: mnaombwa, mizigo yenu, chini ya viti. Ukisema majaketi yako chini ya viti, msikilizaji anapata taarifa kuhusu boti. Ukisema jaketi lako liko chini ya kiti chako, anapata taarifa kuhusu makalio yake mwenyewe, mtusamehe, na mkono unashuka. Kwa hiyo tuliwasalimu kwa wingi kama adabu inavyotaka, halafu tukahamia umoja. Tulihofia kwamba kubadili nafsi katikati kungesikika vibaya, lakini mahubiri ya msikitini na kanisani hufanya hivyo kila wiki, huanza na ndugu zangu kisha huja kwako wewe uliyekaa pale, wala hakuna anayeshtuka.

La tatu ni "mnaombwa". Kitenzi hiki cha kutendwa kinapendwa sana na waandishi wa matangazo kwa sababu kinaficha anayeomba na kinalainisha amri. Lakini angalieni kinavyofanya kazi kwenye sikio. "Abiria mnaombwa kuwa watulivu na kufuata maelekezo yatakayotolewa na wafanyakazi wetu kuhusu matumizi ya vifaa hivyo." Tendo liko wapi? Hakuna hata moja ambalo mkono au mguu unaweza kulifanya. Kuwa mtulivu si tendo, ni hali, na anayeogopa hawezi kuiingia kwa kuambiwa. Kufuata maelekezo ni ahadi kwamba maelekezo yatakuja baadaye. Tukaifuta sentensi nzima na kujiuliza: baharia akitaka kumsaidia mama yake mzazi, angemwambiaje? Angemwambia, "Mama, acha mizigo, vaa jaketi." Hakuna asiye na adabu hapo.

La nne ndilo tunalojivunia, kwa kuwa halimo katika kitabu chochote cha uandishi wa Kiingereza tulichosomeshwa. Linatokana na Kiswahili chenyewe. Katika lugha yetu, katazo na amri hutofautiana kwa silabi moja iliyojificha katikati ya neno. Usiruke, uruke. Msikimbilie, mkimbilie. Usifungue, ufungue. Silabi hiyo "si" ni nyepesi, haina mkazo, na sauti yake ya "s" ni ya aina ile ambayo kipaza sauti kibovu, upepo na ngurumo ya injini huila kwanza. Mmoja wetu alisoma "msikimbilie upande mmoja" huku mwingine akiwa amewasha mashine ya kufulia, na wa tatu, aliyekaa mwisho wa ukumbi, akaandika alichosikia: "kimbilie upande mmoja." Kwenye boti hilo ni balaa, kwa sababu umati unaohamia upande mmoja kwa pamoja ni miongoni mwa mambo yanayokipindua chombo.

Kwa hiyo tukajiwekea sharti kwamba pasiwe na katazo hata moja katika sehemu ya usalama. Kila "usi" igeuzwe kuwa tendo chanya ambalo likikosa silabi bado halibadiliki kuwa kinyume chake. "Usichukue mizigo" likawa "acha mizigo". "Usiruke majini" likawa "msikilize baharia", na lile la kukimbilia upande mmoja tukaligeuza kuwa "tazama mlango ulio karibu nawe", maana mtu mwenye mlango wake kichwani hana haja ya kufuata umati.

"Endapo" nayo tuliiondoa. Kiswahili hupenda kuweka sharti mbele na tendo nyuma, na katika mazungumzo haina ubaya wowote. Lakini "endapo kutatokea dharura yoyote" ni maneno manne yanayotia hofu bila kufundisha kitu. Badala yake tuliweka sauti ambayo abiria ataisikia kwa masikio yake. Kengele ya hatari katika meli za abiria ni milio mifupi saba au zaidi, ikifuatwa na mmoja mrefu. Ukimwambia mtu sauti yenyewe, umempa sharti analoweza kulitambua bila kungoja mtu amthibitishie kwamba sasa ni dharura.

Tuliyopata ni haya:

"Asalaam aleikum, abiria. Tafadhali sikilizeni, hili ni tangazo la usalama.

Jaketi lako la kuokolea liko chini ya kiti chako. Shusha mkono, liguse sasa.

(Kimya, sekunde 3.)

Jaketi la mtoto liko kwenye kabati jekundu, karibu na milango ya nyuma. Mwenye mtoto, inua mkono, baharia akuletee.

(Kimya, sekunde 3.)

Kulivaa: pitisha kichwa, funga mkanda, kaza.

Milango ya kutokea ni minne: miwili mbele, miwili nyuma. Tazama ulio karibu nawe.

Kengele ya hatari ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Ukiisikia, vaa jaketi, acha mizigo, msikilize baharia."

Maneno ni 77, na "jaketi" ni la 11. Kwa mwendo ule ule wa maneno mawili kwa sekunde, pamoja na vile vimya viwili, tangazo zima linamalizika kwa sekunde 45 hivi, yaani kabla tangazo la zamani halijalifikia hata neno lake la 94. Duka, sigara, mizigo na safari njema hatukuvitupa. Vinakuja baada ya hapo, kama tangazo la pili, na anayetaka soda atasikiliza tu.

Sentensi ya mtoto inahitaji maelezo. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto mdogo, huchomoka kichwani akifika majini. SOLAS inataka chombo kiwe na majaketi yanayofaa watoto kwa idadi isiyopungua asilimia 10 ya abiria, na ya watoto wachanga pia, na hayo kwa kawaida hayakai chini ya kila kiti bali huwekwa pamoja mahali pamoja. Tangazo la zamani halikumtaja mtoto kabisa. Tulitaka mzazi alipate jaketi hilo kabla ya boti kufika bahari kuu, asiwe mtu wa kuvuka umati kulitafuta, na ndiyo maana tukaweka "inua mkono". Hii inampa baharia kazi, tunajua. Kama safari ina watoto hamsini na mabaharia watatu, itabidi majaketi ya watoto yagawiwe mlangoni wakati wa kupanda, na sentensi ibadilike.

Hilo linatuleta kwenye jambo ambalo mwandishi aliyekaa mezani hawezi kulikamilisha. Kabati jekundu na milango minne ni vya mfano tu. Anayetaka kutumia maneno haya lazima apite ndani ya boti yake, safu kwa safu, ashushe mkono mwenyewe. Safu ya mbele kabisa inaweza kukosa nafasi chini ya kiti. Chumba cha juu kinaweza kuwa na makabati badala ya viti vyenye majaketi. Tangazo la zamani lilikwepa shida hiyo kwa kusema "chini ya viti na katika makabati", yaani mahali pawili, na abiria akabaki hajui lake ni lipi. Kama vyumba vinatofautiana, basi kila chumba kisomewe sentensi yake. Inachosha, lakini sentensi moja isiyo kweli kwa watu ishirini ni mbaya kuliko kutokuwapo sentensi.

Tulimsomea shangazi yake mmoja wetu, anayekaa Michenzani na husafiri kwenda Dar es Salaam kila mara kwa shughuli za biashara. Tulimsomea la zamani kwanza, kwa simu. Alipoulizwa amesikia nini alisema, "Mumetukaribisha, na mizigo yangu ikipotea shauri yangu." Tukamuuliza kuhusu jaketi. "Mwanangu, mulisema yapo ya kutosha. Wapi, hamukusema." Tulikuwa tumesema, lakini tusingebishana naye, kwa sababu sikio lake ndilo hakimu. Tuliposoma jipya hakungoja kuulizwa. Alisema lipo chini ya kiti, ila akatuonya: "Mukisema liguse, basi nyamazeni niliguse. Musiendelee kusema huku mie nimeinama." Vimya vile vya sekunde tatu vimetoka kwake. Mwanzoni havikuwemo.

Babu naye alikuwa na la kuongeza kuhusu karatasi. Tangazo husomwa na mtu ambaye amemaliza kufunga kamba, mikono imelowa, na taa pale kipaza sauti kilipo ni hafifu. Tukaliandika upya kwa herufi kubwa, kila sentensi mstari wake, hakuna sentensi inayovuka mstari. Jambo hili dogo lilibadilisha usomaji kuliko tulivyotarajia, maana msomaji hupumua mwishoni mwa mstari, na akipumua katikati ya maana, msikilizaji anapotea. Pia tulipigia mstari maneno yanayostahili mkazo: chini, sasa, mtoto, mlango, acha.

Mpaka hapa tumezungumzia tangazo la kabla ya safari. La wakati wa hatari yenyewe ni jingine, na tuliamua kuliandikia kadi yake kwa sababu ya mambo mawili yaliyotokea mbali na kwetu. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Kiitaliano Costa Concordia iligonga mwamba, na abiria wakatangaziwa kwamba ni hitilafu ya umeme. Watu 32 walikufa. Tarehe 16 Aprili 2014 feri ya Korea Kusini, Sewol, ilianza kulala ubavu, na kipaza sauti kikawarudia abiria kwamba wabaki walipo. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa shule, na watoto wenye adabu walitii. Kati ya watu 476 waliokuwemo, 304 walikufa.

Sentensi ile ya Sewol ilikuwa fupi, ilikuwa wazi, ilikuwa ya kutenda, na ilirudiwa. Kwa vipimo vyote tulivyoeleza hapo juu ingepata alama nzuri. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba uandishi unaweza kuchukua nafasi ya nahodha anayejua la kufanya na kulisema. Ila tulijifunza kitu kimoja cha uandishi. "Kaeni mlipo" ni amri isiyo na mwisho, na anayeitii hana njia ya kujua muda wake umeisha lini. Kama utaratibu wa chombo unataka watu wakae, na katika boti za kasi mara nyingi unataka hivyo mpaka wapangiwe mlango, basi amri iende na kazi ya kufanya na kikomo chake: "Kaeni, vaeni majaketi, mpaka baharia awaite kwa safu." Hapo abiria ambaye hajaitwa huku sakafu imeinama anajua kuna kitu hakijaenda sawa.

Kadi yetu ya hatari inasema hivi: "Vaeni majaketi. Vaeni majaketi sasa. Yako chini ya viti. Acheni mizigo. Nendeni mlango wa ______." Ni maneno 14 na nafasi moja ya kujazwa na nahodha, kwa kuwa kuchagua mlango si kazi ya mwandishi. Humu tumerudi kwenye wingi, "vaeni", kwa sababu umoja wa "chako" ulishafanya kazi yake bandarini na sasa tunataka watu wasikie kwamba wote wanafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Hakuna salamu wala tafadhali. Sababu inakuja mwisho, maneno machache ya kweli kama "maji yanaingia", baada ya mikono kuwa imeshaanza kazi. Kisha kadi inarudiwa tangu mwanzo bila kubadili neno, maana aliyekosa mara ya kwanza anahitaji maneno yale yale.

Limebaki suala la lugha ya pili. Watalii ni wengi kwenye boti hizi, na desturi ni kusoma Kiswahili chote mpaka safari njema, kisha Kiingereza chote. Kwa mpangilio huo mtalii anakaa dakika nzima akisikia sauti asizozielewa, na anapofikiwa ameshavaa vidude vya masikioni. Sisi tunapendekeza Kiswahili cha usalama, Kiingereza cha usalama, halafu ndipo duka na mengineyo kwa lugha zote mbili. Mwalimu wetu mmoja aliuliza kwa nini Kiswahili kitangulie, ikiwa mtalii ndiye mgeni asiyeijua boti. Tulimjibu kwamba mtalii akiwaona watu mia mbili wameinama kwa pamoja kugusa chini ya viti vyao, ataanza kuuliza kabla hatujafika kwenye Kiingereza chake.

Nakala za kadi zote mbili zimebandikwa kwenye ubao wa chama, herufi kubwa, kila sentensi mstari wake. Atakayesafiri Julai, tunamwomba ashushe mkono kwenye kiti chake atuletee jibu, na kama kiti hicho ni cha safu ya mbele, basi hasa huyo.